Kula nje Tanga huku unapunguza mafuta ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayekula nje kwa sababu ya kazi: dereva, muuza duka, kibarua wa bandarini, mtumishi wa ofisini anayeshukia Ngamiani kutafuta chakula cha mchana. Hatutakuambia ubebe chakula cha nyumbani kila siku, maana wengi hamwezi. Tunazungumzia vyakula vilivyopo barabarani na kwenye hoteli zetu, na namna ya kuagiza ili kiuno kipungue. Hesabu za kalori tunazotoa ni za makadirio, kwa kuwa hakuna muuzaji anayepima kijiko cha mafuta, lakini zinatosha kuonyesha mzigo uko wapi.

Kwa nini ninanenepa wakati nakula milo mitatu tu kama wengine?

Kwa kawaida mzigo unatoka sehemu tatu ambazo macho hayazioni vizuri: mafuta yaliyonywewa na chakula kwenye karai, tui la nazi, na ukubwa wa fungu la wali au ugali. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, iwe ni ya alizeti, ya mawese, ya samli au ya tui. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Kwa hiyo kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ambacho ni kama gramu 14, kinakaribia kalori 120, na hakiongezi ukubwa wa chakula hata kidogo. Sahani inabaki ileile kwa macho na tumbo halioni tofauti. Vijiko vitatu vya namna hiyo kwa siku ni kama kalori 360, na hapo hujala kitu chochote cha ziada.

Ndiyo maana mtu anaweza kusema kweli kabisa kwamba hali sana, na bado akanenepa.

Chipsi mayai niache moja kwa moja?

Si lazima, ila ni vizuri uelewe kinachotokea pale jikoni, kwa sababu zege mbili zenye sura moja zinaweza kupishana kwa mafuta mengi.

Angalia kazi inavyokwenda. Mchana viazi hukaangwa nusu, vikatolewa na kurundikwa kwenye kabati la kioo. Ukija jioni kuagiza, muuzaji anachota fungu, analitumbukiza tena kwenye karai au analiweka moja kwa moja kwenye kikaango, anaongeza mafuta, anapasua mayai mawili, anageuza, anakuwekea kwenye sahani. Kwa hiyo kiazi kimekutana na mafuta mara mbili, na wakati mwingine mara tatu.

Wengi hudhani kiazi hunywa mafuta kikiwa ndani ya karai. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kikishatolewa. Kikiwa ndani ya mafuta ya moto, maji yake yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na mvuke huo unayazuia mafuta kuingia. Kikitolewa kinaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyokwama juu ya ngozi yananyonywa ndani. Kwa hiyo sekunde chache baada ya kutolewa ndizo zenye maana. Chipsi zilizochujwa kwa chujio na kukung'utwa zikiwa bado za moto hubaki na mafuta machache kuliko zilizorundikwa zikiwa zinatiririka.

Moto nao una neno. Mafuta yenye joto la kutosha hutoa povu la mvuke mara kiazi kinapoingia, na ngozi ngumu hujengeka upesi. Mafuta ya vuguvugu hayatoi povu, kiazi kinalala tu pale chini, kinatoka cheupe, laini, kimelowa. Mafuta yaliyotumika siku nyingi, meusi, mazito, yanayotoa povu linalokawia kuisha, hushikana zaidi na kiazi, na hapo mlaji anapata hasara mara mbili: kwa kalori na kwa ladha. Ukiona karai la namna hiyo, nenda kwa mwingine. Pia chipsi nyembamba hubeba mafuta mengi kuliko nene za uzito uleule, kwa sababu eneo la nje ni kubwa zaidi.

Sahani ya kawaida ya chipsi mayai tunaikadiria hivi: chipsi gramu 200, kalori 600, mayai mawili, 150, mafuta ya kikaango yaliyobaki kwenye chakula, kijiko kikubwa kimoja na nusu, 180, tomato sosi na kachumbari, 20. Jumla 950. Ukisema tu "Kaka, chipsi kavu nusu, zikung'ute vizuri, mayai nichemshie", ile kalori 180 ya kikaango inaondoka yote, na fungu la chipsi linapungua nusu. Vijiwe vingi vina mayai ya kuchemsha tayari. Kama hakuna, omba mishkaki badala yake.

Jambo la kuepuka ni kumwambia muuzaji "weka mafuta kidogo" tu. Kwake yeye kidogo ni kidogo kuliko kawaida yake, na kawaida yake ni kikombe. Mwambie kitu anachoweza kukifanya kwa mkono: achuje, akung'ute, asiongeze mafuta ya pili, akuchemshie yai.

Na mihogo ya kukaanga, bagia, kachori, sambusa?

Kanuni ni ileile ya karai. Mihogo ya kuchoma kwenye mkaa, iliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili, inakupa kalori za muhogo peke yake, na muhogo wenyewe si mwepesi: gramu 100 zina kama kalori 150 hadi 160. Ya kukaanga inazidi hapo. Bagia na kachori ni vidogo, ndiyo hatari yake, kwani mtu anakula sita akisubiri chakula chenyewe halafu hazihesabu. Ukizitaka, zifanye ziwe sehemu ya mlo, si utangulizi wake.

Wali wa nazi na ugali, kipi bora?

Hili tunaulizwa kuliko yote, na jibu linawashangaza watu wa pwani.

Tuanze na wali. Kilo moja ya mchele ikiiva inatoa kama kilo 2.7 za wali, na wali mweupe wa maji una kalori kama 130 kwa kila gramu 100. Sasa mpishi wa hoteli akikuna nazi mbili kwa kilo moja ya mchele na kukamua tui vizuri, anaingiza mafuta ya nazi yapatayo gramu 120 hadi 135. Ukiyagawa kwenye sufuria nzima, unaongeza kalori 40 hadi 45 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo wali wa nazi wa hivyo unafika kama 175. Mpishi anayetumia nazi moja kwa kilo, au anayetia tui jepesi peke yake, atakuwa chini ya hapo.

Ugali wa sembe uliosongwa vizuri una kama kalori 110 hadi 120 kwa gramu 100, kwa sababu umejaa maji. Kwa uzito uleule, ugali ndio mwepesi. Lakini hakuna anayekula uzito uleule. Tonge la hoteli ni gramu 500 au zaidi, na hapo unapata kalori zinazokaribia 600. Sahani ya wali wa nazi ya gramu 400 ni 700. Tofauti ni ndogo kuliko mabishano yake.

Kinachokuokoa ni fungu. Tumia kipimo cha kikombe cha chai: kikombe kimoja kilichojaa bila kurundika, kama gramu 180 hadi 200 za wali, kinamtosha mtu mzima anayepunguza mwili. Kwa mama ntilie sema mapema, kabla hajapakua: "Mama, naomba wali nusu, mboga za majani uniongezee." Usiseme baada ya sahani kufika, kwa kuwa hapo utaila. Wengi wa akina mama hawa watakuongezea mchicha au kisamvu bila kununa, maana mboga haiwagharimu sana. Uliza tu kama kisamvu kimepikwa kwa nazi au karanga. Mchicha wa kukaanga na kitunguu kwa kawaida ni mwepesi zaidi.

Mchuzi wa nazi nao ni tui. Kijiko kimoja cha upawa juu ya wali wa nazi ni nazi juu ya nazi. Hatusemi uuache, tunasema uombe uwekwe kwenye kibakuli pembeni, uchovye. Unapochovya unatumia vijiko vitatu, unapomwagiwa unapata upawa mzima.

Asubuhi nale nini? Nimezoea mahamri na mbaazi.

Mbaazi ni chakula kizuri, zina protini na nyuzinyuzi, zinakushikilia mpaka mchana. Tatizo ni jirani zake. Bakuli la mbaazi za nazi tunalikadiria kalori 250. Andazi moja la ukubwa wa kawaida lina kama 190, na mtu anakula mawili au matatu. Chapati ya kusukuma iliyopakwa mafuta kila tabaka inafika 250 hadi 300, hivyo chapati mbili ni karibu nusu ya siku ya mtu mdogo anayepunguza. Kitumbua kina kama 130 hadi 150, lakini nacho mtu hali kimoja.

Weka andazi moja na bakuli zima la mbaazi. Si kinyume chake. Watu wakisikia habari ya kupunguza, hukimbilia kuacha mbaazi na kubaki na mahamri matatu na chai, kisha saa nne wana njaa na wanarudi kwa bagia.

Supu ya mbuzi, ya kuku au ya pweza ni chaguo zuri zaidi kwa anayeipata. Angalia tu juu ya bakuli. Ile tabaka ya mafuta yanayong'aa, inayoganda ikipoa, kijiko chake kimoja kinapita kalori 100. Omba muuzaji achote supu kutoka chini ya sufuria, au wewe mwenyewe uisogeze pembeni kwa kijiko. Supu ya utumbo na ya kongoro zinaweza kuwa na mafuta zaidi na chumvi nyingi. Na usiizamishe chapati mbili ndani yake, maana hapo umerudi ulikotoka.

Samaki wa Tanga, nile namna gani?

Hapa mji wetu una bahati ambayo watu wa bara wanaililia. Samaki wa kuchoma, changu, tasi, kolekole au jodari, ana kama kalori 110 hadi 130 kwa gramu 100 za nyama, na zaidi ya gramu 20 za protini. Huyohuyo akitumbukizwa kwenye mafuta anapanda mpaka 200 na kitu. Akipakwa unga kabla ya kukaangwa anapanda zaidi, kwa kuwa unga ndio sifongo.

Dagaa wa kukaanga wanadanganya. Ni wadogo, kila mmoja ana ngozi yake yote ya kunywea mafuta, kwa hiyo sahani ya dagaa hubeba mafuta mengi kuliko kipande kimoja kinene cha uzito uleule. Dagaa wa kuchemsha au wa rosti yenye nyanya nyingi ni bora.

Pweza wa kuchemsha ni kitu tunachokipigia debe bila kusita. Gramu 100 zilizoiva zina kama kalori 160 na protini ipatayo gramu 30, na kwa vile ni mgumu kutafuna, huliwa polepole. Kipande cha pweza chenye ndimu na pilipili jioni kinafanya kazi ambayo bagia kumi haziwezi. Akikaangwa au kutiwa kwenye tui zito, hesabu inabadilika.

Kwenye mgahawa wenye karatasi ya vyakula, maneno ya kutafuta ni "kuchoma", "kuchemsha" na "mchuzi wa nyanya". Maneno ya kuuliza kwanza ni "makange", "kukaanga", "wa nazi" na "rosti", kwa sababu rosti ya mpishi mmoja ni nyanya, na ya mwingine ni mafuta yenye nyanya. Njia rahisi ya kujua ni kuinamisha sahani kidogo: ukiona duara la mafuta mekundu likitiririka pembeni, liache pale pale kwenye sahani, ule nyama na mboga.

Mishkaki na nyama choma vinaruhusiwa?

Ndiyo, ni miongoni mwa vyakula bora vya jioni. Mshikaki mmoja wenye nyama kama gramu 40 ya steki iliyoiva tunaukadiria kalori 80. Mitano ni 400 na protini inakaribia gramu 50. Kinachoharibu ni kipande cha mafuta kilichotungwa katikati ya nyama ili zisikauke, na brashi ya mafuta inayopitishwa mara kwa mara. Toa kile kipande, mwambie mchomaji asipake mafuta dakika za mwisho.

Kwenye nyama choma ya kupimwa kumbuka kuwa kilo ni ya nyama mbichi yenye mfupa. Baada ya moto na mifupa kuondolewa, unaweza kubaki na nusu kilo au pungufu. Nusu kilo mbichi ya mbuzi kwa watu wawili, na kachumbari ya kutosha, inakaa vizuri. Ndizi za kukaanga zinazoletwa pembeni ndizo zinazovunja hesabu. Omba za kuchoma.

Vinywaji vinahesabika kweli?

Vinahesabika sana, na ndipo pa kuanzia kama hutaki kugusa chakula kwanza. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ipatayo gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai, kalori kama 150. Chupa ya plastiki ya nusu lita inazidi 200. Juisi ya miwa ni sukari ya miwa na maji, haina tofauti kubwa na soda kwa upande wa kiuno. Juisi ya embe au ya parachichi ya mgahawani mara nyingi imeongezwa sukari, na ya parachichi ina mafuta ya tunda lenyewe, kwa hiyo ihesabu kama chakula.

Dafu ni jepesi: maji ya dafu moja ni kama kalori 60 hadi 80. Ukikomba na nyama yake laini unaongeza kidogo. Chungwa la Muheza likiliwa zima lina kama kalori 60 hadi 70 na linashibisha. Ukikamua manne kwenye glasi, umekunywa manne kwa dakika moja bila kushiba.

Kahawa chungu ya kijiweni haina kitu. Kashata na halua zinazokuja nayo zina kitu. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari tunaikadiria 150. Shusha sukari kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea bila vita. Kuacha yote siku moja huwa ndiko kunakorudisha watu nyuma.

Nionyesheni siku moja nzima kwa hesabu.

Tuchukue dereva wa bodaboda wa kiume, miaka 35, kilo 92, kimo sentimita 172. Anakaa kwenye pikipiki muda mwingi, hivyo mwili wake unatumia kama kalori 2,600 kwa siku.

Siku yake ya kawaida ni hii. Asubuhi maandazi mawili, mbaazi za nazi na chai ya maziwa ya sukari vijiko vitatu: 780. Mchana sahani ya wali wa nazi (700), samaki wa kukaanga (260), mchuzi wa nazi (100) na soda (150): 1,210. Usiku chipsi mayai: 950. Jumla 2,940. Kila siku anabakisha kalori 340 zisizo na kazi, na mwili unaziweka kiunoni.

Sasa siku iliyorekebishwa, vijiwe vilevile. Asubuhi andazi moja, mbaazi bakuli zima, chai yenye kijiko kimoja cha sukari: 555. Mchana wali wa nazi nusu (350), samaki wa kuchoma (180), mchuzi wa kuchovya (50), mchicha (80), maji: 660. Usiku mishkaki mitano (400), chipsi kavu nusu zilizokung'utwa (300), kachumbari (30): 730. Jumla 1,945.

Ametoka 2,940 mpaka 1,945, yaani kalori 995 pungufu, na yuko chini ya matumizi yake kwa kama 650. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo mwanzoni anaweza kutarajia kama nusu kilo au zaidi kidogo kwa wiki, na kasi itapungua kadiri anavyopungua, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo.

Tazama punguzo lilikotoka. Usiku, ambao kila mtu anaulaumu, umetoa 220 tu. Asubuhi imetoa 225. Mchana umetoa 550, na humo wali peke yake umetoa 350 na soda 150. Dereva huyu angebadili zege peke yake kwa hasira na kubaki na asubuhi ileile na sahani ileile ya mchana, angejinyima anachokipenda na mizani ingesogea kidogo mno. Lakini badiliko la usiku bado lina faida yake: protini imepanda kutoka mayai mawili hadi mishkaki mitano, na protini ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unachoma mafuta, na ndiyo inayomfanya asiamke usiku kutafuta mkate.

Kama wewe ni mwanamke mwenye kilo 70 unayekaa dukani, siku hii ni kubwa kwako. Toa andazi, punguza chipsi hadi konzi moja, mishkaki iwe mitatu. Usishuke chini ya kalori 1,200 bila mtaalamu kukusimamia.

Ramadhani nifanyeje na futari?

Watu wengi wa pwani hutoka Ramadhani wakiwa wazito kuliko walivyoingia, na sababu iko mezani: muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizozamishwa kwenye shira, sambusa, kisha daku la wali. Futari ya nazi chagua moja kwa siku, si mbili. Fungua kwa tende mbili au tatu na maji, kunywa uji usio na sukari nyingi, swali, ndipo ule. Yale mapumziko yana maana, kwa sababu tumbo linahitaji muda wa kujua limepokea. Kaimati ziwe mbili, uzihesabu. Daku liwe na yai, maharage au samaki, maana wali mtupu unakuachia njaa mapema mchana.

Nani asianze hivi bila kuonana na daktari?

Mjamzito asijaribu kupungua. Anayenyonyesha aongee kwanza na muuguzi wa kliniki. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla sukari inaweza kushuka vibaya, atetemeke, atoke jasho, achanganyikiwe, kwa hiyo dozi ipangwe upya kwanza. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aulize kuhusu chumvi na kiasi cha protini. Na anayepungua bila kujaribu asifurahie, aende hospitali.

Nimefuata wiki tatu, mizani haisogei. Kosa liko wapi?

Kwanza hakikisha unapima sawa. Panda mizani asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, siku tatu au nne kwa wiki, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki. Usilinganishe Jumatatu na Jumanne. Supu ya chumvi usiku, au nyama choma yenye chumvi ya kuchovya, inashika maji mwilini na kuongeza hata kilo moja kesho yake, na hayo si mafuta. Kwa wanawake siku za karibu na hedhi hufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, kilo mbili zilizoondoka wiki ya kwanza zilikuwa maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usishangae wiki ya pili ikienda polepole.

Pima na kiuno, kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, pumzi ikiwa imetoka, utepe usibane. Kiuno kikipungua sentimita mbili huku mizani imesimama, kazi inaendelea.

Kama vyote viwili vimesimama wiki tatu, andika siku tatu kila kinachoingia mdomoni, ikiwemo kipande cha muhogo ulichopewa na rafiki, kashata ya kijiweni, na konzi ya karanga garini ukielekea Pangani. Konzi ya karanga ni kama gramu 30, kalori 170. Mara nyingi tunapoyasoma maandishi hayo, sahani kuu ziko sawa kabisa na mzigo uko katikati ya milo. Usipoukuta humo, rudi kwenye wali wa mchana. Muuzaji aliyekuzoea huanza kukuongezea taratibu kwa mapenzi, na ile nusu uliyopakuliwa wiki ya kwanza sasa imekuwa robo tatu. Beba kikombe chako siku moja, mwombe apakulie humo, muone wote wawili fungu limefika wapi.